Mng'ao kwenye miwani: kuuondoa bila kuligusa jicho

Mwalimu, nilipiga picha za mahafali pale Makerere. Kioo kimoja cha miwani ya mteja kina ukungu wa kijani, ila jicho bado linaonekana. Nianzie wapi? — Mpiga picha, Wandegeya

Kazi yako ni nyepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu jicho lote bado limo ndani ya picha. Ukijani huo unatokana na utando wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu ya lenzi: utando hupitisha sehemu kubwa ya mwanga na kurudisha kiasi kidogo chenye rangi, mara nyingi kijani au zambarau. Mwanga huo, ambao kwa picha za nje hutoka angani, umejumlishwa juu ya mwanga unaotoka usoni, na kilichojumlishwa hutolewa. Basi usichukue brashi ya kunakili ngozi wala ya kuponya madoa, kwa maana hizo hufuta kilichopo na kuweka kingine.

Pima kwanza. Katika Photoshop fungua Info, chagua Eyedropper na uiweke kwenye 5 by 5 Average, kisha soma rangi ya ngozi iliyo chini ya jicho mahali penye ukungu, na ya ngozi ya jirani isiyo na ukungu lakini iliyo nyuma ya kioo kilekile. Usipime nje ya fremu, kwa kuwa kivuli cha fremu kitakudanganya. Tuseme penye ukungu umepata R 140, G 128, B 95, na palipo safi R 120, G 82, B 62. Tofauti yake ni 20, 46 na 33, na hiyo ndiyo rangi ya ukungu wenyewe. Tengeneza leya ya Solid Color yenye namba hizo tatu, ibadilishe iwe Subtract, jaza maski yake nyeusi, halafu upake nyeupe kwa brashi laini pale penye ukungu tu. Ukungu wa anga kwa kawaida huwa mzito upande wa juu wa kioo na hupungua kuelekea chini. Kwa hiyo punguza Flow ya brashi hadi 10 hivi na upake polepole, ukifuata unavyofifia.

Nimetumia Subtract ngozi ikarudi vizuri, lakini mboni imebaki ya kijivu na ile nukta nyeupe jichoni imekuwa ya waridi. Nimekosea nini? — Mhariri wa picha, Jinja

Hujakosea kitu, umefika mahali ambapo hesabu hiyo inaishia. Namba zilizohifadhiwa katika picha haziendi sambamba na kiasi cha mwanga: mwanga uleule ukijumlishwa penye giza huipandisha namba zaidi kuliko ukijumlishwa penye nuru. Kipimo ulichokichukua kwenye ngozi kinatosha kwa ngozi, lakini hakiitoshi mboni. Ongeza leya ya Curves, nakili ile maski, kisha ushushe upande wa giza tu hadi mboni ilingane na mboni ya jicho la pili, na usimame hapo hapo. Ukiizidisha ikawa nyeusi kuliko mwenzake, mteja ataonekana kama amebandikwa shanga.

Nukta ile nyeupe ni suala jingine. Ilikuwa 255 katika rangi zote tatu. Ukitoa 20, 46 na 33, inabaki 235, 209 na 222, yaani waridi. Itoe kwenye maski kwa brashi ndogo nyeusi ili irudi nyeupe. Usiifute kamwe, kwa kuwa ni mwako wa jicho lenyewe na si wa kioo. Jicho lisilo nayo huonekana limekufa. Mishipa midogo katika weupe wa jicho nayo iache ilivyo, na usiongeze Saturation kwenye duara la rangi linaloizunguka mboni, hata likionekana limepauka kidogo.

Kioo kimejaa weupe wa flashi, jicho halionekani kabisa. Je, ninakili jicho la pili, niligeuze na kulibandika? — Mwenye studio, Arua

Hapana. Kwanza, kama ulipiga kwa RAW, rudi kwenye faili hilo ushushe Highlights; pengine rangi moja haikufika 255 na ukingo wa kope utajitokeza. Usipojitokeza, hakuna programu inayoweza kulirudisha jicho hilo, na lolote utakaloona baadaye ni la kubuni.

Jicho lililogeuzwa hujifichua lenyewe: nukta ya nuru huhamia upande usio na taa, kope za mtu hazifanani pande zote mbili, na kama mtu alitazama pembeni hata kidogo, utamfanya awe na makengeza. Kopa badala yake kutoka kwenye picha nyingine ya mkao uleule. Chukua picha ambayo kichwa kilielekea chini kidogo na mng'ao ukaponyoka, iweke juu kama leya, ilinganishe kwa pembe mbili za jicho linaloonekana na kwa fremu, kisha uibadilishe iwe Darken na uiwekee maski inayoacha eneo la weupe tu. Kwa njia hiyo itashika pale tu picha ya chini ilipo na nuru zaidi, na mengine yatabaki ya asili.

Wengine humpiga mteja mara ya pili bila miwani, ambayo ni njia nzuri yenye mtego mmoja. Lenzi ya mtu asiyeona mbali hulipunguza jicho linapotazamwa kutoka nje. Lenzi ya -4 iliyo milimita 12 mbele ya jicho hulipunguza kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo jicho lililopigwa bila miwani lipunguze hadi asilimia 95 kabla ya kuliweka nyuma ya kioo. Lenzi za kusomea, zenye alama ya kujumlisha, hufanya kinyume chake. Ukiruka hatua hii, macho mawili hayatalingana, na mama wa bibi harusi atakuwa wa kwanza kuligundua.

Siku nyingine, inua taa juu zaidi au inua kidogo mikono ya miwani kutoka masikioni, ili kioo kiinamie chini na kuurusha mng'ao mbali na kamera. Ni kazi ya sekunde chache.

Nitajuaje kwamba sijalibadilisha jicho bila kukusudia? — Mwanafunzi wa upigaji picha, Mbarara

Zima kwanza leya ya Curves kama uliiweka, kwa kuwa yenyewe huonyesha mistari ya mboni na kope, kisha unganisha kazi yako kuwa leya moja, iweke juu ya picha ya asili na uchague Difference. Kila pikseli ambayo hukuigusa itakuwa nyeusi tii. Weka Levels juu yake ung'arishe sana, ndipo mabadiliko madogo yajitokeze. Umbo unalotaka kuona ni la ukungu: doa laini linalofifia, lisilo na mistari, ila tundu dogo la ile nukta nyeupe uliyoitoa kwenye maski. Ukiona mstari wa kope, ukingo wa duara la rangi au mchoro wa nyusi, basi hapo kuna kitu kilichosogezwa au kuchorwa upya, na maski inahitaji kurudiwa. Kama ulikopa jicho kutoka picha nyingine, mistari itaonekana ndani ya eneo la weupe. Kinachotakiwa ni isitoke nje yake.

Mteja anataka picha ya viza ya Marekani akiwa amevaa miwani yenye mng'ao. Niisafishe? — Mwenye studio, Nasser Road

Usiisafishe. Tangu Novemba 2016 Marekani haipokei picha za viza zenye miwani, isipokuwa kwa sababu za kiafya zilizothibitishwa na daktari, na picha iliyohaririwa usoni hukataliwa pia. Mvue miwani umpige upya.