Hati ya uwakilishi kwa mali ya mzazi: iwekee mipaka, na ujue inavyofutwa

Mama yangu ana nyumba ya vyumba vya kupangisha Majengo, Moshi. Mimi naishi Ujerumani. Nyumba ina hati miliki, na jina lililo kwenye hati hiyo ni lake. Hilo liangalieni kabla ya yote, maana familia nyingi hati bado inasoma jina la baba aliyefariki. Ikiwa hivyo, mama hawezi kumpa mtu mamlaka ambayo yeye mwenyewe bado hana. Anzeni na mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, ndipo mje kwenye uwakilishi.

Mama alikuwa amempa ndugu yetu mmoja hati ya uwakilishi yenye maneno mapana: afanye jambo lolote kuhusu nyumba kama ambavyo mwenyewe angefanya. Nyumbani wote tulielewa kuwa kazi yake ni kukusanya kodi na kurekebisha mabomba. Lakini benki haijui makubaliano ya nyumbani, inasoma karatasi. Tulikuja kusikia anazunguka na kopi akitafuta mkopo kwa dhamana ya nyumba, na kwa maneno yale hakuwa amevuka alichoandikiwa.

Kuichana haitoshi, kwa sababu kopi zipo mikononi mwa watu. Mama alikwenda kwa wakili akasaini hati ya kufuta, inayotaja tarehe ya hati ya zamani na namba yake ya usajili. Ikapelekwa kwa Msajili wa Hati, pale pale ile ya kwanza ilipokuwa imesajiliwa, na siku hiyo hiyo tukaomba upekuzi kuona kama nyumba imeshawekwa rehani. Ilikuwa salama. Ndugu akapelekewa nakala, akasaini kuipokea, na wapangaji, benki na mwenyekiti wa mtaa wakapata barua.

Barua hizo ndizo zenye uzito. Kisheria, kufutwa kwa uwakilishi kunamfunga mwakilishi anapojua, na watu wengine wanapojua wao. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa ameshamlipa ndugu kodi ya miezi sita kabla ya barua kumfikia. Malipo yale ni halali, hatukuweza kumdai tena. Fedha alidaiwa ndugu. Mpangaji mwingine alimlipa baada ya kusaini kupokea barua, na huyo alibaki na deni. Ndiyo maana nasema usitume ujumbe wa simu tu. Peleka barua kwa mkono, uwe na daftari la kusaini lenye tarehe.

Hati mpya mama aliniandikia mimi. Inaniruhusu kupangisha kwa mkataba usiozidi mwaka mmoja, kupokea kodi kwenye akaunti ya mama tu, kulipia matengenezo hadi kiasi kilichotajwa, na kulipa kodi ya ardhi. Kisha inasema wazi kwamba siruhusiwi kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi wala kuhamisha umiliki. Inakoma baada ya miaka miwili. Kwa kuwa mwakilishi hawezi kumkabidhi mwingine kazi yake bila ruhusa, tulimtaja binamu yangu kwa jina: anaonyesha vyumba na kusimamia mafundi, lakini hapokei fedha. Kwa mtu aliye mbali, kipengele hicho ni cha lazima, vinginevyo kila mkataba utakusubiri wewe.

Siku ya kusaini, wakili alituomba watoto tutoke nje. Alimsomea mama hati yote polepole, akamwuliza: “Bibi, nyumba hii ni ya nani? Huyu mwanao anaweza kuiuza?” Mama akajibu, “Ni yangu. Hawezi, mpaka nimwambie mimi.” Ndipo akaweka dole gumba, na wakili akaandika kwamba amesomewa na ameelewa. Tulikuwa tumechukua pia barua ya daktari ya wiki hiyo kuhusu akili yake. Kama mzazi ameanza kusahausahau, barua hiyo msiikose. Ndugu atakayepinga baadaye ataanzia hapo.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba mzazi akipoteza akili timamu, uwakilishi huu unakoma, hata kama muda ulioandikwa haujaisha. Yaani unakatika pale pale familia inapouhitaji zaidi. Hapo ni mahakama itakayoteua wa kusimamia mali yake. Akifariki unakoma vilevile, na kodi ya mwezi unaofuata ni mali ya mirathi: usisaini mkataba mpya, usitoe fedha kwenye akaunti yake, mpaka msimamizi awe ameteuliwa.