Anachukua picha na maandishi yangu bila kunitaja: nimwambieje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Tanga. Napiga picha vyakula ninavyopika, kama mkate wa kumimina, na kuviandikia maelezo Facebook. Kuna mtu nisiyemjua anachukua picha na maneno yangu, anakata jina langu lililo pembeni mwa picha, anaweka kwake kama kazi yake na watu wanampongeza. Mume wangu anasema nimwachie Allah, dada yangu anataka nimuanike. Nikimsema, si ghiba hiyo? Na nimwambieje nisije nikakosa adabu?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, kumwambia mwenyewe si ghiba, kwa sababu ghiba ni kumtaja mtu akiwa hayupo kwa jambo analolichukia. Na ukilazimika kumtaja kwa wengine, Imam Nawawi amehesabu sababu sita zinazoruhusu hilo, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake kwa mwenye uwezo wa kumrudishia haki. Shikilia neno hilo, mwenye uwezo. Jirani asiyeweza kuiondoa hiyo picha hana analokusaidia ukimsimulia, na hapo ndipo mazungumzo huanza kuteleza.

Alilolifanya mtu huyu lina hukumu yake. Asmaa binti Abubakar, Allah amridhie, amepokea kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama ana kosa akijionyesha mbele ya mke mwenziwe kuwa amepewa na mume kitu ambacho hakupewa. Mtume akajibu kwamba anayejishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mwanamke yule hakuchukua cha mtu, alitaka kujionyesha tu, na bado akaambiwa hivyo. Sasa huyu amejionyesha kwa jasho la mwingine. Katika Surat Aal Imran, aya ya 188, wametishwa adhabu wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Na mwaka 1988 wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walipokutana Kuwait walipitisha kwamba haki ya mtunzi juu ya kazi yake inalindwa na sharia na haijuzu kuivamia.

Lakini ijue haki yako isije ikazidi mpaka. Mkate wa kumimina si wako, ni wa mama zetu wote wa pwani. Akipika wake, akapiga picha yake, akaeleza kwa maneno yake, huna neno naye hata kama wazo alilipata kwako. Chako ni ile picha uliyoipiga wewe na yale maneno uliyoyapanga wewe.

Huenda akakujibu kwamba elimu ni ya Allah, na wewe unatafuta sifa. Jibu hilo watu hulipenda sana, nami silikubali. Imepokewa kwa Imam Shafi'i kwamba alitamani watu wajifunze elimu yake pasi na kunasibishiwa yeye hata herufi moja. Lakini aliyesema hivyo ni mwenye elimu, akiisamehe haki yake mwenyewe. Aliyechukua hana la kusamehe hapo. Wajibu wake ni ule aliousema Qurtubi mwanzoni mwa tafsiri yake, kwamba katika baraka za elimu ni kauli kunasibishwa na msemaji wake.

Kabla ya kumwandikia, hakikisha. Tafuta picha yenyewe simuni mwako kabla haijawekwa jina, iliyo na tarehe, kisha piga skrinishoti ya ukurasa wake ionyeshe jina lake na siku aliyoposti. Fanya hivyo kwanza, kwa sababu wengi wakishaambiwa hufuta na kukana. Tazama pia kama alichukua kwako au kwa mtu wa tatu, maana picha huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na jina huenda lilikatwa kabla haijamfikia. Kisha mwandikie faraghani, kwa mfano hivi:

“Assalaam alaykum ndugu. Picha ya mkate wa kumimina uliyoiweka Jumamosi, pamoja na maelezo yake, ni kazi yangu. Niliiweka ukurasani kwangu tarehe 4 Machi, na picha kamili kabla ya kukatwa ninayo. Huenda uliipata kwa mtu mwingine. Naomba uandike jina langu juu yake au uiondoe kabla ya Ijumaa, na picha zangu nyingine usizitumie bila kuniuliza.”

Nimekuwekea “huenda” ili apate mlango wa kurudi bila kuaibika. Nimekuwekea siku ili asikuzungushe. Usianze na “samahani kwa usumbufu,” kwa sababu wewe hujakosa. Wala usimwite mwizi. Wizi katika fiqhi una masharti yake mazito, na neno hilo litageuza mazungumzo yawe juu ya ulimi wako badala ya picha yako. Musa na Harun waliamrishwa wamwambie Firauni maneno laini, na ujumbe wenyewe haukupunguzwa kitu.

Ijumaa ikipita kimya, au akikujibu kwa kejeli, una ruhusa ya kuandika pale pale chini ya posti yake, kwa kuwa dai lake amelitoa hadharani: “Picha na maelezo haya ni yangu, niliyaweka tarehe 4 Machi. Nimemwandikia mwenye ukurasa, hajajibu.” Weka na picha kamili, kisha nyamaza. Surat An-Nisaa, aya ya 148, inamruhusu aliyedhulumiwa kuitaja dhuluma yake. Dada yako akikusanya watu wamtukane na kumchimba familia yake, hiyo imevuka kipimo, na dhambi yake itawarudia nyinyi. Baada ya hapo jaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki iliyoko Facebook kwenyewe. Akiwa anauza kitabu au masomo kwa picha zako, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa kuwa hilo limeingia kwenye mali.

Wanazuoni wenyewe walidaiana hivi. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alilalamika mbele ya Sheikh Zakariya al-Ansari kwamba Qastallani anachukua kutoka vitabu vyake bila kumtaja. Hakutukana. Alitoa hoja: huyu ananukuu kwa Bayhaqi mahali kadhaa, Bayhaqi ana vitabu vingi, basi aseme kakiona kipi. Qastallani hakuweza kukitaja. Suyuti akasema ilimpasa aeleze kwamba amenukuu kwa Suyuti aliyenukuu kwa Bayhaqi. Ikasimuliwa kwamba baadaye Qastallani alitembea kwa miguu kutoka Kairo hadi Rawda, miguu mitupu na kichwa wazi, akabisha hodi na kuomba radhi. Suyuti akamjibu kutoka ndani kwamba moyo wake umemridhia, wala hakumfungulia.

Mume wako hajakosea kukukumbusha subira. Ukisamehe, Surat Ash-Shura, aya ya 40, inasema ujira wako uko kwa Allah, na aya inayofuata inasema anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama. Zote mbili ziko mbele yako. Mtu huyo akiweka jina lako na kuomba radhi, mkubalie na uyafute uliyoandika chini ya posti yake. Si lazima umfanye rafiki, wala si lazima umruhusu achukue tena.

Wallahu aalam.