Ombi la mtaro ulioziba, Kisauni

"Mtaro wetu umeziba, mvua ikinyesha maji machafu yaingia majumbani. Tumekusanya sahihi 60. Barua tuiandike vipi?"

Ndugu yangu, kabla ya barua, tazameni karatasi za sahihi. Sisi tulikusanya sahihi kwenye karatasi tupu, zikaonekana hazina uhusiano na ombi lolote. Kila karatasi iandikwe juu jambo linaloombwa, kisha jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya dole gumba. Asifutefute mtu.

Ombi liende kwa karani wa bunge la kaunti. Haki hiyo imo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kiswahili kinakubalika.

Anzeni na kero kwa sentensi mbili: mtaro upi, kutoka wapi hadi wapi, tangu lini. Hasira wekeni kando. Halafu ushahidi: picha za pahali pamoja, kabla na baada ya mvua, zenye tarehe, na nakala za barua mlizokwisha kuipelekea idara husika. Semeni kama walijibu, na kama kesi iko mahakamani. Ikiwa iko, muoneni wakili kwanza.

Mwisho ombi lenyewe. "Tusaidiwe" halitekelezeki. Andikeni: "Bunge liitake idara izibue mtaro kutoka msikitini hadi sokoni, na iripoti kwa bunge baada ya siku 30."

Pelekeni nakala mbili, yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa.