Chakula cha usiku nakipika asubuhi

Wiki tatu za kwanza baada ya kujifungua nilirudia kosa lile lile kila siku: kubandika sufuria saa kumi na mbili jioni. Muda huo ndio mwanangu alikuwa anaanza. Ananyonya dakika kumi, anaachia, anasinzia, nikimlaza tu analia, narudi kumpakata. Hivyo hivyo mpaka saa tatu usiku. Jioni moja maharage yaliungua hadi jirani akagonga mlango kuuliza kama tupo salama. Hapa Mwanga, Kigoma, nyumba zimebanana, harufu haifichiki.

Mama mkwe akasema maziwa hayatoshi, mtoto aonjeshwe uji. Nilimwitikia "sawa mama", kisha nikaenda kliniki. Muuguzi akampima uzito, umepanda vizuri, akauliza: analowesha nepi ngapi? Nane. Akaniambia kichanga aliyepita siku ya tano, akilowesha sita au zaidi usiku na mchana na uzito unapanda, anashiba. Kunyonya mfululizo jioni ni kawaida ya vichanga wengi. Ila nepi zikipungua, mkojo ukawa wa njano iliyokolea, au mtoto akalegea na haamki kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Basi nikahamisha jiko badala ya kumhamisha mtoto. Usiku naloweka maharage. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo ratiba ya saa niliitupa, nahesabu usingizi wake. Usingizi wa kwanza wa asubuhi ni wa kazi: namwaga maji ya kulowekea, nabandika maharage kwa maji mapya, yakichemka nafua nepi pale pale kibarazani. Jiko la mkaa haliingii chumbani hata mvua ikinyesha, maana moshi wake mwingine hauonekani na unaua. Akiamka kabla hayajaiva, naongeza maji, naenda kumnyonyesha. Ndiyo maana nimechagua maharage. Ukikaanga migebuka huwezi kuondoka katikati.

Usingizi wa pili ni wangu. Nalala hata vyombo vikiwa vichafu, na hapa ndipo nilipata shida kubwa kuliko zote, kwa sababu mgeni akija akaona masufuria ya jana uso unaniwaka kwa aibu. Siku nilizoosha vyombo badala ya kulala, ilipofika saa nane za usiku nilisinzia na mtoto mkononi, nimekaa kwenye kiti. Nilishtuka anateleza. Tangu hapo vyombo vinasubiri.

Saa tisa alasiri nakaanga kitunguu na nyanya, naunga maharage na kuyachemsha tena vizuri, kwa joto letu hili yasije yakachacha. Jioni kinabaki ugali tu, na huo anausonga baba mtoto. Una madonge, lakini mimi nakula kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto, sijali.