Limiti ya dakika 30 unayoipita kila siku

Mmeniandikia sana kuhusu kupunguza kuskroli, na robo tatu ya maswali ni lile lile moja. Nimechagua machache.

Swali: Nimewasha Quiet mode Instagram lakini bado najikuta humo, inafanya kazi kweli?

Inafanya kazi yake. Inazima notifikesheni, inaonyesha watu kwamba umejitenga kidogo, na anayekutumia meseji anapata jibu lenyewe kwamba huzioni kwa sasa. Basi. Haikuzuii wewe kufungua apu. Kama kinachokurudisha ni mlio wa simu, iwashe leo na utaona tofauti, ila kama kidole kinaenda chenyewe hata hujaitwa na mtu, hapo Quiet mode haina cha kukuzuia. Na jua kwamba ikiisha muda wake inakuletea muhtasari wa vyote vilivyokupita, kwa hiyo usiipange iishe dakika ile unayopanda kitandani.

Swali: Ile Take a break ya Instagram, ya kukukumbusha upumzike, niweke dakika 10, 20 au 30?

10. Lakini inahesabu kuskroli kwa mfululizo, kwa hiyo wewe unayeingia dakika saba saba mara ishirini kwa siku hutaiona kabisa, na hao ndio wengi wenu.

Swali: Nimeweka limiti ya dakika 30 kwenye iPhone na ripoti bado inaniambia saa 2 na zaidi kwa siku. Simu ina tatizo?

Simu haina tatizo, na jamani hili nimeshalijibu mara nyingi mno. Dakika 30 zikiisha inakuja skrini nzima ya kukuambia umefika mwisho, chini yake pana Ignore Limit. Ukiigusa unapewa njia tatu: One More Minute, Remind Me in 15 Minutes, na Ignore Limit For Today. Wewe unagusa ya tatu. Chukulia dakika zako zimeisha saa saba mchana ukiwa unakula, ukagusa hiyo, tangu hapo hadi usiku limiti haipo tena na hakuna kitakachokuuliza kitu, ndo hiyo saa moja na nusu unayoiona imeongezeka kwenye ripoti.

Dawa ni namba ya siri usiyoijua. Ingia Settings, Screen Time, halafu Lock Screen Time Settings, na mpe simu mtu unayemwamini, mwenza au dada yako, aandike yeye namba. Simu itauliza akaunti ya Apple ya kurudishia namba ikisahaulika, hapo aweke yake, maana ukiweka yako utaibadilisha mwenyewe siku ya kwanza utakayobanwa. Kisha rudi App Limits, fungua limiti yako, washa Block at End of Limit. Wengi wanaishia kwenye namba ya siri wanasahau swichi hii, na bila hiyo limiti inabaki kuwa tangazo tu. Ukishaiwasha, ukitaka kuendelea unaombwa namba, na namba iko kwa mtu mwingine inabidi umtazame usoni umuombe.

Mambo mawili hukuuliza lakini nayasema. Usiruke kutoka saa 2 hadi dakika 30 kwa mkupuo, weka saa 1 na nusu kwanza, ukikaa humo wiki mbili ndo unashusha, kwa sababu limiti usiyoiweza inakufundisha kuipuuza. Na unapochagua apu ongeza na tovuti yake pia, la sivyo utaikuta video ile ile kwenye brauza.

Swali: Si nifute tu apu?

Kama haikupi kazi wala hela, ndiyo, futa.

Swali: Natumia Android, timer ya Digital Wellbeing inanibana vizuri mchana ila usiku nashindwa, kwa nini?

Hili ni swali zuri, sikuwa nalo bado. Muda ukiisha ikoni inageuka kijivu na apu haifunguki, sawa, lakini hesabu inaanza upya saa sita usiku. Kwa hiyo mtu aliyebanwa saa tatu usiku na bado yuko macho saa sita na dakika moja, amepewa dakika zake zote mpya, kitandani, gizani, saa mbaya kuliko zote. iPhone nayo iko hivyo hivyo. Limiti ya siku haijui habari za usiku, lazima uiongezee kitu kinachofuata saa. Kwenye iPhone ni Downtime, ianze kabla ya saa sita, tuseme saa nne na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na yenyewe ina swichi yake ya kuzuia, iwashe. Kwenye Android washa Bedtime mode kwa saa hizo hizo, inanyamazisha simu na kuifanya skrini iwe nyeusi na nyeupe. Haifungi apu, na timer yako unaweza kuifuta kwa sekunde chache tu, kwa hiyo kwa Android mimi nasema wazi: simu ichajiwe chumba kingine, na alamu nunua saa ya kawaida.