Kadi kwenye meza ya vikapu: maswali yenu kuhusu kampuni za malipo

Nauza vikapu vya milulu Iringa mjini, wateja wangu wengi ni watalii wanaokwenda Ruaha. Benki wameniambia nilete makaratasi ya kampuni. Mwenzangu hana kampuni lakini anapokea kadi kwa simu. Amewezaje?

Dada, mwenzako anapokea kadi kwa mgongo wa akaunti ya mwingine, na ni halali kabisa. Ili duka lipokee Visa au Mastercard, lazima kuwe na benki inayolidhamini mbele ya mitandao hiyo. Muuzaji akichukua pesa kisha akatoweka bila kutoa mzigo, benki hiyo ndiyo inayolipa. Ndiyo maana wanakuchunguza sana kabla ya kukufungulia akaunti ya kupokelea kadi, na kwa muuzaji wa vikapu kumi kwa wiki, kazi hiyo haiwalipi.

Kampuni za malipo, kama Selcom, Pesapal na DPO, huziba pengo hilo. Kampuni inaingia mkataba mmoja mkubwa na benki, kisha inawaweka wauzaji wadogo chini ya mkataba huo. Wewe unapeleka kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, mara nyingi na leseni ya biashara, pamoja na namba ya akaunti au ya simu ambako pesa zako zitaingia. Wanakusajili haraka kwa sababu mzigo wa kukudhamini wameubeba wao. Shika hilo, maana karibu kila mnachoniuliza leo kinatokana nalo.

Tuseme mtalii ananunua vikapu vya shilingi 120,000. Anagusisha kadi, ombi linapita kwa kampuni, linakwenda benki yake, linafika Visa, kisha benki ya mtalii huko kwao, na jibu linarudi kwa sekunde chache. Jibu hilo ni ruhusa tu. Pesa zenyewe bado ziko njiani. Baadaye zinaingia kwenye akaunti ya kampuni, nayo inakata ada yake na kukutumia zinazobaki. Ada ikiwa asilimia 3.5, wanakata 4,200 unabaki na 115,800. Sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi na kwa mtandao, na kadi za nje huwa ghali kuliko za hapa nchini. Kwa hiyo ulizia ada ya kadi za nje peke yake kabla ya kusaini, kwani ndizo utakazopokea zaidi.

Nina duka la kahawa ya kusaga Mwanjelwa. Mteja alinipigia akisema kadi yake imeibiwa kwa sababu ameona jina asilolijua. Kumbe ni malipo yangu. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye jina linalotokea kwenye taarifa yake ya benki. Kwa kuwa uko chini ya kampuni ya malipo, kwa kawaida jina lao hutangulia kwa kifupi, inafuata nyota, kisha jina lako, na yote yanabanwa katika herufi 22 hadi 25. Kama ulijisajili kwa jina lako la NIDA, mteja anaona jina la mtu asiyemfahamu kabisa. Waombe waweke jina lililo kwenye kibao cha duka. Kisha jilipe mwenyewe kwa kadi kiasi kidogo, ufungue taarifa ya benki usome wanachokiona wateja.

Una bahati kaka, huyo alipiga simu. Wengi hupiga kwa benki yao.

Nina nyumba ya wageni Tukuyu. Mgeni alilipia vyumba kwa kadi mwezi Juni, akalala Agosti, Oktoba kampuni ya malipo ikanikata pesa yote. Walisema ni chajibaki. Wana haki hiyo? Na sasa kuna mwingine kanitumia picha ya kadi yake WhatsApp.

Pole sana mama. Haki wanayo, na imo kwenye masharti uliyoyakubali. Chajibaki ndiyo hii: mwenye kadi akilalamika kwa benki yake, benki hiyo huzirudisha pesa kupitia njia ileile zilikopita: inaikata benki ya kampuni, benki inaikata kampuni, kampuni inakukata wewe. Kwa malalamiko mengi muda wa kudai ni siku 120, na huduma ikiwa ya baadaye, siku hizo huweza kuhesabiwa tangu siku huduma ilipotarajiwa. Kwako zilianza Agosti, ndiyo maana Oktoba dai lilikuwa bado hai.

Hasara yake huzidi bei ya chumba. Tuseme alilipa 400,000 na ada ilikuwa asilimia 3.5, uliingiziwa 386,000. Wakati wa kukatwa wanachukua 400,000 kamili, na kampuni nyingi huongeza ada ya kushughulikia dai, tuseme 35,000. Uko nyuma kwa 49,000, na mgeni ameshalala. Akaunti yako isipokuwa na salio, watakata kwenye malipo ya wageni wanaofuata.

Dai unaweza kulipinga, ila kwa karatasi na ndani ya siku chache wanazokupa. Tuma ukurasa wa kitabu cha wageni wenye saini yake, mazungumzo ya kuweka nafasi, na masharti ya kughairi aliyotumiwa kabla hajalipa. Ukikaa kimya, umeshindwa. Hatari hii ya malipo ya mapema ndiyo inayofanya baadhi ya kampuni zizuie sehemu ya pesa za nyumba za wageni mpaka mgeni afike, na hapo siwalaumu.

Picha ile ya kadi ifute leo. Zile tarakimu tatu za nyuma haziruhusiwi kuhifadhiwa na muuzaji yeyote, iwe kwenye daftari au kwenye simu. Mtumie mgeni linki ya malipo, aandike namba zake mwenyewe. Benki yake ikimthibitisha kwa msimbo wa kwenye simu, halafu akaja kudai kwamba hakulipa yeye, kwa kawaida hasara ya dai hilo huangukia benki yake. Ulinzi huo haugusi malalamiko ya huduma mbovu.

Shemeji yangu anauza vipuri vya pikipiki Uyole, anataka nimpitishie malipo ya kadi kwenye mashine yangu ya saluni. Nimkubalie?

Hapana, hata kama ni shemeji. Ulisajiliwa kama saluni. Siku inapoingia 900,000 kwa mpigo, mfumo wao unashtuka na pesa zote zinazuiwa, pamoja na zako za kusuka. Wakigundua unapitisha biashara ya mtu mwingine wanaweza kukufungia, na Mastercard wana orodha ya wauzaji waliofungiwa ambako jina hukaa miaka 5. Mwambie ajisajili yeye.

Na wewe mwenyewe ukitarajia malipo makubwa kuliko kawaida, labda bibi harusi na wasimamizi wake, waandikie kabla.

Ni lini nihamie kwenye akaunti yangu mwenyewe ya benki? Nina duka la vifaa Mafinga.

Piga hesabu ya mwezi. Kama benki inakupa asilimia 2.5 na kampuni inakata 3.5, kwenye mauzo ya kadi ya milioni 2 tofauti ni 20,000 tu. Toa kodi ya mashine ya benki kwenye hiyo 20,000 uone kinachobaki. Kwenye milioni 20 tofauti inakuwa 200,000, na hapo nenda kaongee na meneja, ukiwa na taarifa za malipo za miezi 12 kutoka kwa kampuni yako. Atataka kuona pia chajibaki ulizopata.