Hifadhi kazi yako, usihifadhi sababu: kuwaandikia wateja wapya bila kusikika kama tangazo

Kazi yangu kwenye gereji hapa Arusha ni kutafuta wateja, yaani kuwaandikia mameneja wa operesheni wa kampuni za utalii. Msimu wetu mkubwa wa kuandika ni Aprili na Mei. Masika yameshika, wageni wamepungua, Landkruza zimeegeshwa uani, na meneja ana nafasi ya kusoma ujumbe. Lakini muuza matairi, fundi wa viti na gereji zote za mji zinajua hivyo pia, kwa hiyo simu yake inajaa maneno yaleyale: "Ndugu mteja, sisi ni wabobezi wa magari ya safari, huduma bora kwa bei nafuu."

Kuandika kila ujumbe upya haiwezekani, mchana unaisha umefikia kampuni chache tu. Wengi hutatua hilo kwa kuhifadhi barua nzima na kuacha nafasi ya jina. Mimi nahifadhi vipande. Ujumbe wangu una salamu, sababu ya kumwandikia yeye, kazi tunayoweza kumfanyia, na ombi. Viwili vya mwisho vinakaa maktaba. Salamu na sababu siweki humo kabisa, hata nikiwa na haraka. Salamu kwa sababu mzee mwenye kampuni nampa shikamoo, na kijana aliyeajiriwa juzi kuratibu magari hawezi kupewa hiyohiyo. Sababu kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu aone kwamba umemwandikia yeye.

Nitaeleza kwa mfano. Kampuni ya kwanza, kwenye ratiba zake, Januari hadi Machi inapeleka wageni Ndutu wakati nyumbu wanazaa. Njia ya huko lami inaishia lango la Lodoare, Ngorongoro. Baada ya hapo ni mawe na matuta madogomadogo yanayotikisa gari saa nzima, na kule chini kwenye mbuga vumbi ni laini kama poda, maana udongo wake umetokana na majivu ya volkano. Mama anayesimamia magari nilimwandikia hivi:

"Shikamoo Mama. Nimeona kwenye ratiba zenu kwamba tangu Januari magari yamekuwa ya Ndutu karibu wiki zote. Gari lililomaliza msimu upande ule huwa tunaanza kuliangalia chini: jani la springi lililokatika, bushi za shokapu, boliti zinazoshika bodi na chasisi. Kisha tunafungua chujio la hewa, kwa sababu vumbi la kule linapita penye upenyo mdogo sana. Naomba utuletee gari moja tu, lile ambalo dereva analilalamikia zaidi. Tutalikagua na kukuandikia tulichokiona kabla hatujagusa kitu."

Sentensi mbili za kwanza niliziandika siku hiyo. Zinazofuata ni kipande ninachokiita /ndutu, na mwisho ni ombi ninaloliita /gari-moja. Kuandika kulichukua muda mfupi, kusoma ratiba zao ndiko kulikochukua muda.

Kampuni ya pili inafanya safari za siku moja za Tarangire na Manyara. Magari yake yako kwenye lami sehemu kubwa ya njia, hadi Makuyuni na Mto wa Mbu, lakini yanatoka alfajiri na kurudi usiku karibu kila siku. Kipande cha /ndutu kingemwonyesha kwamba sijui kazi yake. Yeye alipata /lami, kinachozungumzia breki, beringi, alaimenti, na jinsi tunavyoweza kulifanyia gari kazi usiku ili asubuhi liwe barabarani. Kwa hiyo maktaba yangu nimeipanga kwa barabara ambazo magari yanapita, si kwa aina ya mteja wala ukubwa wa kampuni. Sababu ndiyo inayochagua kipande. Nikikaa kuchagua kipande kwanza halafu nitafute sababu ya kukipachika juu yake, ujumbe unatoka wa kulazimisha.

Kipimo cha sababu ni rahisi. Chukua sentensi yako, mpelekee kichwani meneja wa kampuni nyingine. Kama bado ni kweli, bado hujapata sababu. "Tumevutiwa na kampuni yenu" ni kweli kwa mji mzima.

Panapoharibika zaidi ni pale vipande vinapoungana. Sentensi ya kwanza inaongea kama mtu, ya pili inaanza "Tunapenda kukutaarifu kwamba gereji yetu..." na msomaji anajua papo hapo kwamba mwandishi ameondoka. Ndiyo maana sikai chini kutunga vipande. Navitoa kwenye ujumbe niliokwisha kumwandikia mtu mmoja na akajibu, nakata kilichomhusu yeye, nabakiza kilichobaki kama kilivyo. Kipande hakina salamu, hakijitambulishi, na hakizidi sentensi tatu.

Kwa upande wa vifaa, Quick replies za WhatsApp Business zinatosha. Ukiandika / na jina la kipande, kisha ukakichagua, maneno yanakuja kwenye nafasi ya kuandikia, unaweza kuyarekebisha kabla ya kutuma. Ukomo ni vipande 50, na sijaona mtu anayehitaji vyote. Kutuma kwa orodha ya matangazo hakusaidii kwa wateja wapya, maana kunawafikia waliohifadhi namba yako tu. Kwa barua pepe, bandika kwa Ctrl+Shift+V. Usipofanya hivyo kipande huja na herufi za ukubwa au rangi tofauti, na mshono unaonekana hata kabla ya kusomwa. Pale ambapo kipande lazima kipate neno la mteja, weka ### badala ya nafasi tupu, jicho haliwezi kuziruka alama hizo.

Kuna sababu za kweli ambazo sizitumii. Madereva huongea wakiwa gereji, na unaweza kusikia gari la fulani lilikatika springi karibu na lango la Naabi wageni wakiwa ndani. Ukianza ujumbe kwa hilo, meneja ataanza kumtafuta aliyesema, na dereva atapata shida. Natumia kilicho wazi tu: ratiba zao, picha walizoweka wenyewe, au aliloniambia meneja mwenyewe.

Arusha ni ndogo, mameneja wako kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp. Nina jedwali lenye kampuni, tarehe, sababu niliyotumia, kipande, na jibu. Kabla ya kutuma naangalia kama jirani yake, au ndugu yake mwenye kampuni nyingine, amepata kipande hichohicho. Akiwa amekipata, nakiandika upya kwa maneno mengine.

Safu ya jibu ndiyo ninayoisoma kwa makini. "Nitumie bei" peke yake maana yake ujumbe ulisomwa kama tangazo. Jibu linalotaja gari, kama "lile la kijani linalia nyuma likipanda", maana yake sababu ilimfikia. Kipande kikileta "nitumie bei" mara kwa mara ingawa sababu zilikuwa nzuri, nakiondoa.

Asiyejibu namwandikia mara moja zaidi, baada ya wiki moja hivi, na lazima niwe na jambo jipya: labda mvua zimekata na ratiba yake ya Juni imeshatoka. Ujumbe huo wa pili hauna kipande hata kimoja. Kama sina jambo jipya, simwandikii hadi msimu ujao.